Ripoti ya kuchuja maji ya tope kwa kidato cha pili: kwanza wapime, "salama" ije baadaye

Swali: "Habari za kazi mwalimu. Nafundisha kidato cha pili huku Kigoma. Tumechuja maji ya Mto Luiche kwa chupa, mchanga, kokoto na mkaa, nikawaambia waandike ripoti kwa Kiswahili kwanza nione kama wameelewa. Karibu wote wameandika nusu ukurasa, 'maji yalikuwa machafu yakawa safi na salama kwa kunywa', basi. Kundi moja maji yao yalitoka meusi kabisa na wameandika hivohivo. Nataka niwaandikie ripoti moja ya mfano, nianzie wapi?"

Nzuri ticha, poleni na mvua.

Anzia kwenye hilo kundi la maji meusi, maana hao ndo wenye ripoti nzuri kuliko wote ila hawajajua. Wameona kitu kwa macho yao alafu wameandika kitu kingine walichodhani mwalimu anataka kukisikia. Ukiwapa ripoti ya mfano yenye lugha nzuri tu watainakili na mwezi ujao utasoma nusu ukurasa ileile. Shida ya ripoti zao siyo Kiswahili, ni kwamba hawakuwa na kitu cha kuandika kwa sababu hawakupima chochote, waliangalia tu, na mtu akiangalia tu ataandika "machafu" na "safi" kwasababu hana namba nyingine mkononi. Kwahiyo mimi ningeirudia praktiko kwa kipindi kimoja cha dabo, nikaongeza vipimo viwili rahisi na chupa moja ya kulinganishia, alafu ripoti inajiandika yenyewe.

Kipimo cha kwanza ni cha kujua maji yana ukungu kiasi gani. Chukua karatasi nyeupe, chora alama ya msalaba kwa markapeni nyeusi, saizi ya ukucha hivi. Juu yake weka silinda ya kupimia ya maabara, ile ndefu ya mililita 250, na kama hamna tafuta glasi ndefu ya kioo yenye kitako bapa (chupa ya plastiki ya maji haifai hapa, kitako chake kina mabonde na kitakudanganya). Mwanafunzi mmoja anachungulia kutoka juu, mwingine anamimina maji polepole, na pale msalaba unapopotea wanasimama na kupima kwa rula maji yamefika sentimita ngapi. Maji ya tope yatauficha msalaba mapema, labda sentimita 3 tu, yakiwa na ukungu kidogo utaendelea kuonekana mpaka sentimita 10 au zaidi. Namba ikiwa kubwa maji yana tope kidogo, hilo waandike kabisa kwenye ripoti maana wapo watakaolisoma kinyume. Sharti ni jicho la mtu yuleyule na mwanga uleule, yaani huwezi kupima moja karibu na dirisha na lingine kwenye kona, na kila mara wayakoroge kwanza.

Kipimo cha pili ni muda, mililita 100 zinatoka kwa sekunde ngapi. Stopwachi ya simu yako inatosha. Nitakuonyesha huko mbele kwanini huu muda una maana kubwa kuliko unavoonekana.

Na chupa ya kulinganishia ni ndoo ileile ya maji ya Luiche, lita moja wanaiweka pembeni kwenye chupa, haiguswi, inakaa tu, muda wake usipungue ule ambao wenzake wanachujwa. Hii walimu wengi tunairuka. Maji ya tope yakitulia lisaa limoja yanapungua ukungu yenyewe kwasababu mchanga na tope zito linazama chini, sasa kama huna hiyo chupa utajuaje kilichofanya kazi ni chujio au ni kutulia tu? Hutajua. Mwanafunzi akiwa nayo ana namba tatu, maji mabichi, yaliyotulia na yaliyochujwa, na hapo ndo ana haki ya kuandika neno "kwasababu".

Sasa hayo meusi. Ni vumbi la mkaa tu, hakuna muujiza. Mkaa wa kupikia ukiutwanga unatoa punje na unatoa unga, na unga ndo ulioshuka na maji. Wautwange ndani ya mfuko wa sandarusi, punje ziwe kati ya mchele na mahindi, wauchekeche waondoe unga, alafu waoshe mara nyingi mpaka maji ya kuoshea yasiwe meusi tena. Mkaa uwe wa miti wa kawaida, msitumie ule wa kutengenezwa wa vumbi, ule una gundi au udongo wa kushikiza na ukilowa unavunjika unakuwa uji. Mchanga nao vilevile, mchanga wa mtoni au wa kujengea una tope lake tayari, kwahiyo usipouosha unachuja maji ya tope kwa tope. Kujua kama umetakata weka vijiko kadhaa kwenye glasi ya maji, koroga, subiri kidogo, kama maji ya juu bado yana rangi ya chai ya maziwa rudi ndooni.

Kitu kingine ambacho wengi hawakioni. Ukishapanga chujio utalisuuza kwa maji ya bomba, si ndiyo? Maji hayo hayatoki yote, mengine yanabaki yamenasa kati ya punje. Ukimimina maji ya Luiche, kikombe cha kwanza kinachotoka chini kina maji mengi ya bomba, kinaonekana kizuri ajabu, wanafunzi wanapiga makofi, na ndo wanachokiandika. Mimi nawaambia mililita 200 za mwanzo zimwagwe, anzeni kukinga baada ya hapo. Na hilo liingie kwenye ripoti na sababu yake.

Kupanga matabaka kuna mabishano mengi na kila kitabu kina mchoro wake, ila fikiria safari ya maji. Chupa ya lita 1.5 imekatwa kitako na kugeuzwa mdomo chini, mdomoni kitambaa cha pamba kimefungwa kwa raba. Juu ya kitambaa kokoto ndogo sentimita 3, kazi yake ni kushikilia vilivyo juu visitoke na maji, kokoto hazichuji tope la maana. Alafu mkaa sentimita 5, mchanga laini sentimita 7, mchanga wa chengachenga sentimita 3, na juu kabisa kokoto sentimita 2 ili unapomimina maji yasichimbe shimo kwenye mchanga. Mkaa uko chini ya mchanga kwa makusudi, maana tope likifika kwenye mkaa kwanza linaufunika na hauwezi tena kufanya kazi yake ya kunasa rangi na harufu. Katika ripoti waandike matabaka kwa kufuata maji yanavyoshuka, toka juu kwenda chini, na kila tabaka na sentimita zake, wasiandike "tuliweka mchanga, kokoto na mkaa", hapo mtu wa Tabora hawezi kurudia praktiko yenu.

Baada ya hapo ndo unawapa mfano. Mimi ningeandika hivi, namba ni za kuonyesha tu, nyie mtaweka zenu:

"Lengo: Kuona kama chujio la kokoto, mchanga na mkaa linapunguza ukungu wa maji ya Mto Luiche zaidi ya kuyaacha yatulie tu.

Tulichofanya: Tulichota maji ya mto ndoo moja asubuhi baada ya mvua. Tuliyakoroga tukayagawa, lita moja tuliiweka kwenye chupa na kuiacha saa moja bila kuigusa, lita moja tuliipitisha kwenye chujio, na kiasi kidogo tulikipima hapohapo. Tulimwaga mililita 200 za kwanza zilizotoka kwenye chujio kwa sababu zilikuwa zimechanganyika na maji ya bomba tuliyosuuzia. Matabaka ya chujio toka juu kwenda chini yalikuwa kokoto sentimita 2, mchanga wa chengachenga sentimita 3, mchanga laini sentimita 7, mkaa sentimita 5 na kokoto ndogo sentimita 3. Tulipima kila maji kwa kuangalia msalaba unapotea kwenye kina cha sentimita ngapi, namba kubwa maana yake tope kidogo. Tulipima pia mililita 100 zinatoka kwa muda gani. Mwangaliaji alikuwa mmoja.

Tulichoona: Maji mabichi yalikuwa ya rangi ya matofali, msalaba ulipotea kwenye sentimita 3. Yaliyotulia yalibaki na rangi hiyo lakini hafifu, chini kulikuwa na tope, msalaba ulipotea kwenye sentimita 5. Yaliyochujwa hayakuwa na rangi ya matofali ila yalikuwa na ukungu mweupe, msalaba ulipotea kwenye sentimita 11. Mililita 100 za mwanzo tulizopima zilitoka kwa sekunde 40, za mwisho zilitoka kwa dakika 1 na sekunde 50. Tope lilionekana limekaa juu ya mchanga laini.

Maelezo: Kutulia kulipunguza ukungu kidogo, kuchuja kulipunguza zaidi. Muda uliongezeka kwa sababu tope lilianza kuziba nafasi za mchanga. Ukungu uliobaki tunadhani ni udongo wa mfinyanzi ambao punje zake ni ndogo sana.

Hitimisho: Chujio letu lilipunguza tope kuliko kutulia. Hatukupima vijidudu, kwa hiyo hatuwezi kusema maji haya yanafaa kunywa."

Basi, ni hiyo. Imejaa ukurasa na hakuna sifa hata moja ndani yake. Angalia pia kwamba "Tulichoona" haina "kwasababu" hata moja, sababu zote zimehamia kwenye "Maelezo". Ukisahihisha piga mstari kila "kwasababu" iliyopotelea kwenye matokeo, utashangaa ni nyingi kiasi gani. Na kundi la maji meusi wao waandike "maji yalitoka meusi, tulipoyaacha yatulie unga mweusi ulibaki chini ya glasi", alafu kwenye maelezo waseme hawakuosha mkaa, alafu waoshe wapime tena, wana jaribio la pili tayari ambalo wenzao hawana.

Sasa ile sentensi ya mwisho ndo wanafunzi watakayokubishia. Watasema mwalimu mbona maji yanaonekana meupe. Hapa uwape saizi za vitu. Punje ya mchanga laini kwa mfano milimita 0.2, nafasi kati ya punje na punje ni ndogo kuliko hapo lakini bado ni kubwa, wakati punje ya udongo wa mfinyanzi ni chini ya milimita 0.002, na bakteria wa kawaida naye yuko hapohapo kwenye milimita 0.001 au 0.002, virusi ndo usiseme. Kwa hao mchanga ni kama nyavu ya migebuka mbele ya uduvi. Kinachowanasa baadhi yao siyo kukosa pa kupita, ni kugusana na punje na kuganda pale, na hilo linategemea bahati na mwendo wa maji. Ndo maana ukungu mweupe ulibaki. Kama udongo mdogo kiasi hicho umepita wengi wake, bakteria wa saizi hiyohiyo kwanini asipite?

Na hapa sasa muda una kazi. Yapo machujio ya mchanga ya kweli yanayopunguza vijidudu sana, mhandisi James Simpson alijenga moja la Chelsea huko London mwaka 1829, na aina hiyo inatumika mpaka leo. Lakini ndani yake maji yanashuka polepole mno, kama sentimita 10 mpaka 30 kwa saa, na juu ya mchanga inaota ngozi ya viumbe hai inayochukua siku hata wiki kadhaa kukomaa, hiyo ngozi ndo inayofanya kazi kubwa. Lile la kwenu? Chupa yenye upana wa sentimita 8 ina eneo la sentimita za mraba 50 hivi. Mililita 100 kwa sekunde 40 ni mililita 9,000 kwa saa, gawanya kwa 50 unapata sentimita 180 kwa saa. Yaani maji yenu yalikimbia mara 6 mpaka mara 18 ya yale machujio, tena kwenye mchanga uliooshwa juzi usio na ngozi yoyote. Hesabu hii kidato cha pili wanaiweza, waachie waipige wenyewe na sekunde zao, ni bora kuliko wewe kuwahubiria.

Kuna mmoja lazima ataandika "mkaa uliua vijidudu". Mkaa hauui. Mkaa una vitobo vingi vidogo na uso wake unashikilia baadhi ya rangi na harufu, basi, na ule wa dukani wa machujio umepitishwa kwenye mvuke wa joto kali, kama nyuzi 800 na zaidi, ndo vitobo vyake vinakuwa vingi sana, wetu wa magunia ni dhaifu mbele yake. Na hata kusema "mkaa uliondoa harufu" hawana haki mpaka watengeneze chupa ya pili isiyo na mkaa wakalinganisha. Kama muda hamna, hiyo sentensi ifutwe tu.

Kwa sisi wa huku mfano wa kuwamaliza ubishi upo karibu, ni ziwa. Maji ya Tanganyika ukisimama gatini siku imetulia unaona mpaka mawe ya chini, hakuna chujio la chupa litakalofika hapo, na bado Mei 2015 kipindupindu kilizuka Kagunga penye maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi waliokuwa wamebanana ufukweni na kutumia maji ya ziwa. Wazazi wa wanafunzi wako wanaikumbuka. Kwahiyo baada ya kuchuja bado maji yanachemshwa mpaka yatokote kabisa, au yanatiwa dawa ya klorini kama pakiti inavyoelekeza. Kuchuja kunasaidia hapo kwa njia moja ambayo ingefaa iandikwe kwenye ripoti, kwamba tope linaila ile klorini na kuwaficha vijidudu, kwahiyo maji yakipungua tope dawa inafanya kazi vizuri zaidi. Ndo thamani ya kweli ya lile chujio, ni hatua ya kwanza. Na siku ya praktiko simamia mwenyewe, mtu asionje, kuna mmoja huwa anaonja.

Kama kuna darasa lenye kasi ambalo limemaliza mapema, wape chumvi ya Uvinza. Kijiko kimoja kwenye glasi ya maji ya bomba, wapitishe kwenye chujio lililosuuzwa, wamwage za mwanzo kama kawaida, alafu kiasi kidogo cha yaliyotoka wakiweke kwenye kifuniko cha bati juu ya jiko mpaka kikauke. Weupe utabaki. Lile tope lilikuwa linaelea ndani ya maji, chumvi imeyeyuka, na kilichoyeyuka mchanga haukijui kabisa. Waandike hilo kama ripoti fupi ya pili, kwa mpangilio uleule, ila safari hii usiwape mfano.

Kuhusu alama, mimi ripoti ya hivi naigawia 20 na matokeo napa 8 peke yake, hitimisho 3 tu, lengo 2, zilizobaki zinaenda kwenye njia na maelezo. Wakiona hitimisho lina alama 3 wanaacha kulipamba. Na namba ikiwa mbaya, mfano msalaba umepotea kwenye sentimita 4 baada ya kuchuja, usikate alama kama wameandika kilichotokea na wamekisia sababu inayowezekana, ikiwemo maji kupita pembeni kati ya mchanga na ukuta wa chupa, hiyo hutokea sana mchanga ukimiminwa mkavu bila kugongwagongwa, na utaijua ukiona michirizi ya tope inashuka ukutani upande mmoja wakati katikati bado kuna mchanga msafi.